Karatasi ya alama: namna ya kuandaa mahojiano ya kazi ili jopo lisivutane

Kikundi cha kijamii kinapotaka kuajiri, mara nyingi maandalizi yake ni haya: mwenyekiti anaandika maswali kumi usiku wa kuamkia mahojiano, katibu anachora karatasi yenye majina ya waombaji na safu ya "alama kwa mia", na wanajopo wanaketi. Jioni wanakusanya karatasi na kukuta mwombaji mmoja amepewa 85 na huyu, 40 na yule. Hapo maneno huanza. Yule wa 85 huambiwa kampendelea mtu wa kwao, na yule wa 40 huambiwa ana kinyongo.

Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi hakuna aliyependelea. Walisikia maneno yale yale, ila kila mmoja alikuwa na jibu lake kichwani, na hawakuwahi kuambizana jibu zuri ni lipi. Tofauti ile ilikuwako tangu usiku maswali yalipoandikwa peke yake, bila majibu.

Makala haya yanafuata kazi moja tangu kutunga swali hadi kujumlisha alama. Nimechagua karani wa mizani wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, chombo tulichozoea kukiita BMU, kwa sababu vikundi hivi viko pwani nzima toka Vanga hadi Kiunga, na karani wake hushika vitu viwili vinavyogombanisha watu, pesa na rekodi. Waombaji na alama zilizomo humu ni za mfano. Kazi yenyewe ni ile inayofanyika mabandani kila siku.

Tuseme jopo lina watu watatu: mwenyekiti wa BMU, mama karanga mmoja anayewawakilisha wachuuzi, na afisa wa uvuvi wa kaunti.

Anzia kwenye mizani

Kabla ya swali hata moja kuandikwa, mtu wa jopo aende akakae kwenye banda la samaki asubuhi moja na kuandika kila anachokifanya karani. Ataona anapima beseni, anaondoa uzito wa beseni tupu, anaandika aina ya samaki na chombo kilichomleta, anapokea ada, anatoa risiti. Ataona pia watu wakimsemesha wote kwa pamoja, tena wengi wao ni jamaa zake.

Katika asubuhi ile jopo linatoa mambo machache tu, matatu au manne, ambayo karani akiyakosa kazi inaharibika. Kwa mfano wetu ni manne: hesabu sahihi, uaminifu wa fedha ya watu, kusimama imara mbele ya mtu anayemjua, na kutuliza ugomvi kwenye foleni. Orodha ikifika sifa kumi na mbili, ujue jopo limeanza kumtafuta malaika. Tena katika dakika 25 za mahojiano hakuna awezaye kupima sifa 12.

Swali lisilopimika

"Wewe ni mwaminifu?" si swali, kwa kuwa hakuna atakayesema la. "Tueleze habari zako" humpa mwenye ulimi mtamu nafasi ya kutembea atakako, na kila mwanajopo atashika kile kilichomfurahisha. "Ukiletewa hongo utafanya nini?" limebeba jibu lake ndani. Ukitaka kujua kama swali linapimika, jaribu kuandika chini yake jibu baya ambalo mtu mwenye akili zake angeweza kulitoa bila haya. Usipolipata, swali hilo halitawatenganisha waombaji.

Sasa tazama hili:

"Ni saa 12 na nusu asubuhi. Mashua tatu zimefika pamoja. Nahodha wa mojawapo ni ami yako. Mizani imesoma kilo 62, naye anakunong'oneza uandike 40 kwa sababu wiki hii mafuta yamemlemea na ada inatozwa kwa kilo. Wavuvi wengine wamesimama karibu. Utamwambia nini, na utafanya nini?"

Swali hili lina mvutano wa kweli ndani yake. Mtu mwema kabisa anaweza kujibu kwamba ataandika 40 kisha alipie tofauti kutoka mfukoni mwake, na aone ametenda jambo la utu. Hapo ndipo mtu anapojulikana.

Namna ya pili ni kuuliza lililokwisha kutokea: "Tueleze siku ambayo ulikuwa umeshika pesa au mali ya watu, na hesabu ikakataa. Ilikuwaje, nawe ulifanya nini?" Ongeza kwa waombaji wote kwamba mfano unaweza kutoka popote: duka la nyumbani, chama cha akina mama, mchango wa harusi, kamati ya madrasa. Bila maneno hayo, kijana ambaye hajawahi kuajiriwa atanyamaza, nanyi mtakuwa mmepima kama aliwahi kupata kazi badala ya kupima uaminifu wake.

Andika jibu pamoja na swali

Hapa ndipo jopo lenyewe hugundua kwamba halikubaliani. Rudi kwenye kilo 62. Ukiwauliza wanajopo watatu jibu la alama 5 ni lipi, mwenyekiti atasema karani amlete ami kwake. Mama karanga atasema akatae papo hapo, tena kwa sauti, wengine wasikie. Afisa wa uvuvi atasema lililo muhimu ni namba kwenye daftari, kwa maana rekodi hiyo ndiyo inayotumiwa kujua samaki wangapi wanatolewa baharini. Yule karani wa kulipa tofauti mfukoni, mmoja angempa 4 kwa ukarimu wake na mwingine 1 kwa sababu daftari limebeba uongo.

Wakibishana hivi wiki moja kabla, ni faida. Wakibishana baada ya kumwona mwombaji, kila mmoja atakuwa ameshaanza kumtetea mtu wake. Baada ya mjadala jopo letu likaandika hivi:

Alama 5: anaandika 62 bila kusita, anamjibu ami kwa heshima pasi na kumfedhehesha mbele za watu, anamwonyesha njia halali, mathalani kupeleka ombi la nafuu kwa kamati, na anamjulisha mwenyekiti baadaye.

Alama 3: anaandika 62 na kukataa, lakini anaishia hapo, au anazua ugomvi ambao ungeepukika.

Alama 1: anaandika namba yoyote isiyo 62, hata akisema atalipa tofauti yeye mwenyewe, au anakwepa kwa kumpa mwingine kalamu.

Alama 4 na 2 ni za majibu yanayoangukia katikati. Angalia kuwa maelezo yote ni vitendo vinavyoweza kusikika kwenye maneno ya mwombaji. Karatasi inayosema "5 ni bora sana, 3 ni wastani, 1 ni dhaifu" haijasema kitu, kwa sababu kila mtu ana wastani wake. Wazo la kufunga alama kwenye vitendo si jipya. Watafiti wawili, Patricia Smith na Lorne Kendall, walilitoa mwaka 1963 wakishughulikia namna ya kupima utendaji wa wauguzi.

Msiweke kipimo cha 1 hadi 100. Hakuna binadamu awezaye kueleza tofauti ya 71 na 74, na mtu asiyeweza kuieleza tofauti hawezi kuitetea.

Swali likishaandikwa, lijaribuni kwa mtu asiyeomba kazi hiyo, karani wa zamani kwa mfano. Akiuliza "mna maana gani?" swali lina kasoro. Akijibu kitu cha maana ambacho hakimo kwenye karatasi, ongezeni.

Hesabu isipimwe kwa mdomo

Kumuuliza mtu kama anajua hesabu ni kupoteza wakati. Mpe karatasi na kalamu, dakika 10, na zoezi hili: mabeseni matano yamesoma kilo 18.5, 22, 9.5, 31 na 14. Kila beseni tupu lina uzito wa kilo 1.5. Ada ni shilingi 5 kwa kilo. Jaza fomu, toa jumla ya samaki na ada inayodaiwa.

Jumla ya mizani ni kilo 95. Mabeseni matupu ni kilo 7.5. Samaki ni kilo 87.5, na ada ni shilingi 437.50. Aliyepata yote na kujaza fomu vizuri ana 5. Aliyeondoa uzito wa mabeseni lakini akakosea kujumlisha ana 3. Aliyesahau mabeseni ana 1, hata kama mwandiko wake unapendeza, maana kosa lile angelirudia kila siku na kila mvuvi angelipia plastiki kwa bei ya samaki. Zoezi husahihishwa mara moja na mtu mmoja, mwingine akihakiki. Halina haja ya maoni ya watu watatu.

Siku yenyewe

Waombaji wote waulizwe maswali yale yale, kwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na msomaji wa kila swali awe mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Maswali ya kudodosa nayo yaandikwe: "Kisha ukafanya nini?" na "Unaweza kutupa mfano?" yatosha. Mwanajopo anayesema "Kwa hiyo ungemwarifu mwenyekiti, siyo?" amempa mwombaji jibu.

Lugha iamuliwe mapema. Karani wa mizani anafanya kazi kwa Kiswahili na huenda kwa Kidigo, Kigiriama au Kibajuni, kulingana na ufuo. Basi mwombaji aambiwe anaweza kujibu kwa lugha itakayomwezesha kueleza, iwapo wanajopo wote wanaielewa. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu Kiingereza kizuri huvuta alama zote. Mtu akifungua kwa Kiingereza cha kunyooka, ghafla anaonekana mwaminifu, mpole na hodari wa hesabu. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika juu ya kasoro ya namna hii mwaka 1920, alipochunguza alama walizopewa maofisa wa jeshi na wakubwa wao: sifa moja ikipendeza, nyingine zote zilipanda nayo, hata zile zisizohusiana.

Dawa yake ni safu ya maelezo. Kwenye karatasi, mkabala na kila swali, pawe na nafasi ya kuandika maneno aliyosema mwombaji, kabla ya kisanduku cha alama. Andika "62, akamwambia ami aende kamati, hakusema habari ya mwenyekiti." Usiandike "mzuri, mchangamfu." Halafu linganisha maneno yale na maelezo ya alama, ujaze, kabla mwombaji anayefuata hajaingia. Jopo lijipe dakika tano kimya kati ya mtu na mtu. Wanaojaza alama zote jioni hukumbuka wa kwanza na wa mwisho, na wa katikati huwa ukungu.

Katika dakika hizo tano asizungumze mtu. Mwenyekiti akitoka kusema "Huyu kijana ni moto!" zile karatasi nyingine mbili hazina kazi tena. Wakati wa mjadala pia mwenyekiti awe wa mwisho kutaja alama zake, la sivyo wadogo watamfuata kwa adabu.

Alama zinapokataana

Tuwachukue waombaji wawili, A na B, kwenye maswali matatu ya mdomo. Kila swali lina alama 5, hivyo kila mwanajopo anaweza kutoa 15.

Afisa wa uvuvi alimpa A 4, 3 na 4, jumla 11. Akampa B 4, 5 na 4, jumla 13. Mama karanga alimpa A 3, 3 na 4, jumla 10. Akampa B 4, 4 na 4, jumla 12. Mwenyekiti alimpa A 5 mara tatu, jumla 15. Akampa B 1, 2 na 3, jumla 6.

Ukijumlisha moja kwa moja, A ana 36 na B ana 31, basi A kashinda. Lakini tazama tena: wanajopo wawili kati ya watatu walimweka B mbele. Mtu mmoja aliyezitandaza alama zake toka chini hadi juu amewameza wawili waliokuwa waangalifu. Kuchukua wastani hakubadilishi kitu, kwani mshindi ni yule yule. Mwenye kutaka kupitisha mtu wake hahitaji hila nyingine zaidi ya hii, na aliyeifanya bila kukusudia naye huleta matokeo yale yale.

Kwa hiyo iwepo kanuni, iliyoandikwa kabla ya mahojiano: kwenye swali lolote ambalo alama ya juu na ya chini zimepishana kwa 2 au zaidi, jopo linasimama na kusoma maelezo kwa sauti kabla ya kujumlisha.

Swali la kilo 62, mwombaji B: 4, 4 na 1. Maelezo ya wote watatu yanasema aliandika 62 na akampeleka ami kwa kamati. Hakuna neno hata moja linaloangukia kwenye maelezo ya alama 1. Mwenyekiti akaeleza kuwa alimwona kijana mkaidi kwa mzee wake. Akaulizwa ni maneno gani aliyosema yenye ukaidi, hakuyapata, akabadilisha kuwa 4. Swali la hesabu iliyokataa: 5, 4 na 2. Kwenye karatasi ya mwenyekiti pameandikwa "hatazami usoni." Mama karanga akakumbusha kwamba kwetu kijana huinamisha macho mbele ya wakubwa, ndiyo adabu aliyofunzwa, na karatasi haikutaja macho. Ikawa 4. Swali la tatu lilikuwa 4, 4 na 3. Hapo tofauti ni 1, ikaachwa.

Kwa A, kilo 62 zilipata 4, 3 na 5, na swali la pili 3, 3 na 5. Mwenyekiti alikuwa ameandika "mtoto wa watu wazuri." Maneno ya A yenyewe yalistahili 4 na 3, akakubali. Ile 5 ya swali la tatu ilibaki, kwa kuwa wenzake walitoa 4.

Sasa mwenyekiti ana 12 kwa A na 11 kwa B. Jumla ya jopo: A 33, B 36, kati ya 45. Alama ya zamani hukatwa kwa mstari mmoja ili isomeke, mpya ikaandikwa kando na kutiwa saini. Wala mwanajopo halazimiki kukubaliana na wenzake. Akiwa na neno alilolisikia kutoka kwa mwombaji na linaloingia kwenye maelezo, abaki na alama yake. Kinachotakiwa ni ushahidi, na ikiwa watatu wataishia na alama sawasawa kila safari, nitashuku kwamba kuna anayeamrisha.

Kisha zoezi la hesabu: A alipata 3, B akapata 5. Hapa kuna mtego mdogo. Zoezi limetolewa alama mara moja, ilhali kila swali la mdomo limetolewa mara tatu. Likijumlishwa lilivyo, kipimo chenu cha uhakika kuliko vyote kitakuwa na uzito wa theluthi ya swali moja. Lizidishwe kwa 3: A 9, B 15. Jumla kuu ni 42 kwa A na 51 kwa B, kati ya 60.

Pengo la 9 linatosha kuamua. Lingekuwa 1 au 2, nisingelitegemea, kwa sababu mwanajopo mmoja kubadilisha alama moja kungeligeuza. Jopo likubaliane mapema kwamba pengo dogo kiasi fulani ni sare, na sare itavunjwa vipi, kwa mfano kwa kuwapigia simu wadhamini wa wote wawili na kuwauliza maswali yale yale.

Yasiyoweza kutibiwa na karatasi

Karatasi haijui kwamba maswali yalivuja jana usiku barazani. Haijui pia kwamba mwanajopo anamdai baba wa mwombaji pesa. Huku kwetu ukisema kila mwenye udugu atoke, hatabaki mtu wa kuuliza. Kanuni inayotekelezeka ni ya karibu zaidi: anayelala nyumba moja na mwombaji, ndugu wa damu, mkwe, au mtu mwenye deni naye, atamke kabla na asimpe alama mwombaji huyo. Kwa haki, mwombaji huyo alinganishwe na wengine kwa wastani wa waliobaki, si kwa jumla.

Kuna maswali ambayo hayafai kuingia hata kwa utani. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi katika ajira, ukiwamo wa jinsia, dini, kabila, ulemavu na ujauzito. "Umeolewa?" na "watoto wako utamwachia nani?" huulizwa wanawake peke yao, na wanaouliza hudhani wanapima upatikanaji. Kama wasiwasi ni muda, waambie wote, wanaume kwa wanawake: kazi huanza saa 12 asubuhi siku sita kwa wiki; je, utaweza?

Mkimaliza, karatasi zote pamoja na zile zenye mistari ya kukata ziwekwe kwenye faili moja na kumbukumbu za kikao, mahali penye kufuli. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mtu ana haki ya kuomba habari zake mlizozihifadhi, basi andikeni mkijua kuwa mwenyewe huenda akasoma. A akija kuuliza kwa nini hakuchukuliwa, asionyeshwe alama za B. Aonyeshwe zake: kwenye hesabu alikosea wapi, na kwenye swali la pesa iliyokataa alisema nini na hakusema nini.